Miwani ya njano si dawa ya taa za usiku

Juzi tena dereva ameniwekea mezani miwani ya njano aliyouziwa steji hapa Nakuru. "Daktari, hii si ndiyo ya usiku? Mbona taa bado zinanipasukia?"

Nimechoka na miwani hiyo. Lenzi ya njano hupunguza mwanga, basi. Inapunguza ule wa lori linalokuja, na ule mchache unaorudi kutoka kwa mtu mwenye koti jeusi kando ya barabara. Unahisi nafuu huku unaona hafifu zaidi.

Mchana mboni huwa ndogo. Gizani inapanuka, na mwanga unapita kwenye kingo za jicho, ambako kasoro hujificha. Silinda, yaani kasoro ya jicho lisilo na mviringo sawasawa, ikiwa ndogo haikusumbui mchana, lakini usiku ndiyo inayochora mistari na miduara kwenye taa.

Dereva huyu hubeba viazi hadi Kisumu kupitia Mau Summit. Miwani yake halisi ilikuwa na miaka minne, imekwaruzika, na kila mkwaruzo hutawanya mwanga. Nilimpa kadi yenye tundu dogo asome ubao, jicho moja moja. La kulia lilitoka 6/9 likafika 6/6, yaani kuona kawaida, kwa hiyo hapo shida ni namba ya miwani: silinda ilikuwa imepanda kutoka -0.50 hadi -1.25. La kushoto lilibaki 6/12. Nikaliangalia kwa darubini, nikakuta mtoto wa jicho ameanza upande wa nyuma wa lenzi ya jicho lenyewe. Hapo hata nikimkatia miwani ya bei gani, taa zitaendelea kupasuka. Nikamwandikia barua kwa daktari wa upasuaji.

Tundu nalo hudanganya, maana mtoto wa jicho akiwa mdogo linaweza kuboresha kidogo. Na ubao wangu uko kwenye chumba chenye taa. Mtu husoma 6/6 kwangu, halafu barabarani Salgaa usiku haoni kitu. Kwa hiyo namwamini anayelalamika kuliko ubao.

Kipimo changu cha kuacha kuendesha ni hiki. Gari linalokuja likishakupita, hesabu moja, mbili, tatu. Kama bado hujauona mstari wa kando, kwa kilomita 80 kwa saa umeshaenda karibu mita 67 bila macho. Hizo sekunde tatu ni zangu, hazimo kitabuni, lakini ukifika hapo acha usiku mpaka upimwe upya. Kama mchana pia husomi namba ya gari lililo mita 20 mbele, acha kabisa. Mwenye sukari iliyopanda asikimbilie miwani mpya. Namba ya miwani huyumba mpaka sukari itulie.

Ukiona miduara yenye rangi za upinde wa mvua, jicho jekundu linauma na unatapika, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho. Nenda hospitali usiku huohuo, ukiendeshwa na mtu mwingine.

"Na mzigo wa leo?" akauliza. Nikamwambia apakie leo, aondoke kukipambazuka. Akanuna, akampigia simu mwenye viazi. Miwani ya njano akaiacha mezani.