Sukari ya wiki ya kwanza kwa mgonjwa wa kifua kikuu

Hapa Bukavu, toka Kadutu hadi Bagira, kuna sentensi moja inayorudiwa sana kwenye vituo vya afya: "TB imemletea sukari." Wagonjwa wanaisema, jamaa zao wanaisema, na kinachoniudhi ni kwamba hata wauguzi wanaiandika kwenye fishi baada ya kumtoboa mtu kidole mara moja tu.

Uchunguzi wa awali wa kisukari maana yake ni kumpima kila mtu mzima aliyegunduliwa na kifua kikuu, hata asiyelalamika, ili kuona nani apimwe zaidi. Ni chekecheo. Kinachobaki juu yake bado hakijapewa jina. Utambuzi wa ugonjwa ni kazi nyingine, yenye vipimo vyake na wakati wake.

Kwa nini nasisitiza wakati? Mwili wenye homa na uvimbe wa mapafu humwaga kwa wingi kotisoli na adrenalini. Homoni hizo huliamuru ini litoe sukari, na huku zinaidhoofisha insulini. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari anaweza kuonyesha sukari ya juu siku anapoanza dawa, kisha ikashuka yenyewe kadiri kifua kinavyopona. Lakini kinyume chake pia ni kweli: kisukari cha muda mrefu, kisichojulikana, huongeza hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu. Mara nyingi basi ni sukari iliyotangulia, TB ikafuata. Siku ya kwanza, glikomita, ile mashine ndogo ya kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, haiwezi kukutenganishia hao wawili.

Tuchukue mama muuza sambaza, miaka 41, ana kikohozi, homa na amekonda. Makohozi yameonyesha TB, anaanza dawa nne siku hiyohiyo. Dawa hazingojei sukari. Anapimwa bila kufunga: miligramu 168 kwa desilita. Ikiwa chini ya 110 tungeishia hapo, lakini 168 inadai kipimo cha asubuhi, akiwa hajala kwa saa nane au zaidi. Kesho yake inatoka 131. Mpaka wa kisukari kwa aliyefunga ni 126, basi mtu anakimbilia kuandika "mgonjwa wa sukari" na kumpa glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Hapo ndipo tunapokosea. Hana kiu ya ajabu, haamki usiku kukojoa, na mtu asiye na dalili hizo hathibitishwi kwa kipimo kimoja. Kukonda na uchovu havitusaidii, kwa sababu TB nayo huleta hayohayo.

Hata hiyo 131 yenyewe niihoji. Wagonjwa wengi hunywa chai yenye sukari kabla ya kumeza vidonge ili wasichefuke, halafu wanakuambia hawajala. Hawadanganyi, kwao chai si chakula. Uliza hasa: "Umekunywa nini?" Na kidole kilichoshika embe kioshwe kwa maji na kukaushwa kabla ya kutobolewa.

Mama huyu anarudi mwisho wa mwezi wa pili, wakati awamu ya dawa nne inaisha na makohozi yanapimwa tena. Homa imekwisha, anakula bugali vizuri, uzito umepanda. Akiwa amefunga: 104. Mwisho wa mwezi wa sita: 98. Hakuwa na kisukari, ingawa ningependa apimwe tena mwaka unaofuata.

Angepewa glibenklamidi, rifampisini, mojawapo ya zile dawa nne, ingelichochea ini liivunje haraka, mtu aongeze dozi, kisha TB ikiisha na rifampisini ikikoma, dozi ileile imwangushe sukari mpaka azimie.

Msinielewe vibaya: si kila sukari ya kwanza inangoja. Baba mwenye 312, anayekunywa maji mtungi mzima na kukojoa usiku kucha, ana kisukari leo, na anatibiwa leo. Kwake 200 kwenda juu pamoja na dalili inatosha. Penye labo yenye HbA1c, kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, 6.5 kwa mia kwenda juu husaidia, kwa kuwa inaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, si homa ya juzi. Ila upungufu wa damu, ambao wagonjwa wa TB wanao sana, hulipotosha jibu.

Kwa hiyo, ndugu wauguzi, kwa mtu kama yule mama kwenye fishi andikeni tu: "sukari imepanda, ipimwe tena amefunga, mwezi wa pili." Na akiuliza kama TB imemletea sukari, mwambieni bado hamjui, na mmpe tarehe ya kurudi.