Anayenunua mechi humjui, anayekuletea hela unamjua

"Mnunuzi wa mechi ni mgeni mwenye miwani myeusi na begi la hela"

Nikiwauliza vijana ninaowafundisha mnunuzi wa mechi anafananaje, karibu wote humchora mtu huyo. Mwenye hela yupo kweli, ila mchezaji hamuoni. Anayemfuata mchezaji ni mtu anayemfahamu: aliyecheza naye zamani, wakala wa mtaani, wakati mwingine kiongozi wa klabu yake mwenyewe.

Simone Farina alikuwa beki wa Gubbio, timu ya daraja la pili Italia. Mwaka 2011 alifuatwa na mtu waliyekua pamoja katika timu ya vijana ya Roma. Alimwekea mezani euro 200,000, agawane na wenzake wachache, ili Gubbio ifungwe na Cesena kwenye Kombe la Italia. Farina alikataa, kisha akaenda kutoa taarifa. Desemba mwaka huohuo polisi walikamata watu 17, mmoja wao Cristiano Doni, aliyewahi kuwa nahodha wa Atalanta. Uchunguzi wa waendesha mashtaka wa Cremona ulifuata nyayo za wenye hela hadi Singapore. Mtu wa Singapore angempigia Farina simu, Farina angekata. Ndiyo maana hutumwa rafiki.

Na rafiki haanzi kwa kutaja mechi. Anaanza na viatu vya mpira, kodi ya chumba, nauli ya kwenda kumuona mama. Baada ya miezi anauliza jambo dogo: kipa wenu namba moja amepona? Kesho mnaanza na nani mbele? Taarifa hiyo peke yake ina bei sokoni kwa wanaobeti, na kijana ameshaitoa bila kujua kwamba ameuza kitu. Siku akikataa ombi kubwa, anakumbushwa viatu, anaonyeshwa meseji zake. Hapo rafiki amegeuka mdai. Kwa maoni yangu hatari kubwa iko katika miezi ile ya mwanzo, kuliko siku ya bahasha, kwa sababu hakuna anayeona kuwa kuna kosa linatendeka.

"Kuuza mechi ni kukubali kufungwa"

Si lazima. Watu hubeti jumla ya magoli, magoli ya kipindi cha kwanza, hata kadi ya njano, na dau hukubaliwa mechi ikiwa inaendelea. Timu inaweza kushinda mabao matatu kwa mawili, mashabiki wakaimba hadi nyumbani, huku beki mmoja akiwa amelipwa ili yale mawili yaingie. Maneno ya kumshawishi kijana hutoka humohumo: "Sisemi mfungwe. Shindeni, ila goli moja liingie kabla ya mapumziko."

Tena kuna mechi zinazouzwa bila mkeka wowote kuhusika. Hapa Tanzania tuna mfano wa Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza. Nafasi ya kupanda Ligi Kuu ilikuwa inaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. TFF ilizitia hatiani timu zote nne kwa kupanga matokeo na kuzishusha, na Mbao ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Kijana aliyekuwa uwanjani siku ile huenda hakuambiwa habari ya kamari hata kidogo. Anaambiwa "tuwasaidie wenzetu, sisi hatuna cha kupoteza," na anayemwambia ni mkubwa wake. Semina inayozungumzia kampuni za kubeti tu haimwandai kijana kwa sauti hiyo.

"Mwizi utamwona uwanjani"

Kipa akipitishiwa mpira katikati ya miguu, jukwaa zima linapiga kelele kuwa kauza. Mara nyingi ni kipa tu aliyekuwa na siku mbaya. Kosa moja halithibitishi kitu, na nimeona vijana wakiharibiwa jina kwa uvumi wa namna hiyo. Wanaofuatilia kitaalamu hulinganisha kilichotokea uwanjani na mwenendo wa madau: kwa nini hela nyingi ziliwekwa kwenye magoli mengi dakika ya 70, wakati mechi imelala na hakuna anayeshambulia?

Sisi tulio kambini dalili zetu ziko nje ya uwanja. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu ana simu mpya na hataki kueleza imetoka wapi. Mtu asiye na kazi na timu analala hoteli ileile ya timu. Mechi ya kirafiki imeandaliwa haraka na mfadhili asiyejulikana, naye ndiye anayeleta waamuzi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kumhukumu mtu, ila kila moja inatosha kumfanya kocha aulize swali.

"Nikikataa, nimemaliza"

Dhana hii huwaponza hata waaminifu. Kanuni za nidhamu za FIFA zinamtaka mchezaji aliyefuatwa atoe taarifa mara moja. Asipotoa anaweza kufungiwa miaka isiyopungua miwili na kutozwa faini isiyopungua faranga za Uswisi 15,000, hata kama hakugusa senti. Aliyepanga matokeo mwenyewe huanzia miaka mitano.

Wala miaka michache haifuti kosa. George Owino, beki wa zamani wa Harambee Stars, alifungiwa na FIFA miaka kumi mwaka 2019. Kosa lilihusu mawasiliano yake na Wilson Raj Perumal, mpangaji matokeo kutoka Singapore, na barua pepe zenyewe zilikuwa za kati ya 2009 na 2011.

Kutoa taarifa nako kuna namna yake. Usimhoji aliyekufuata wala usijifanye umekubali ili umnase. Hiyo ni kazi ya polisi, na wewe utaonekana mshiriki. Usifute meseji. Andika siku, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha mwambie mtu mmoja mwenye mamlaka. Kama unayemshuku ni kocha au kiongozi, mruke: nenda kwa shirikisho au chama cha wachezaji, au tumia mfumo wa FIFA wa kupokea taarifa za siri. FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, nao wana programu ya simu, Red Button, inayopokea taarifa bila jina la mtoaji.

"Elimu ni semina ya siku moja kwa timu kubwa"

Kijana wa miaka 15 akisikilizishwa kanuni kwa saa mbili, atakumbuka soda. Kinachobaki ni alichokifanya mwenyewe. Sisi huwapa zoezi: mmoja anakuwa kaka aliyemnunulia mwenzake viatu, mwingine ndiye mpokeaji, na ombi linakuja polepole. Mara ya kwanza karibu kila mtu anatoa jina la kipa bila kusita. Tunasimamisha, tunauliza ni wapi ungeweza kutoka mapema, tunarudia. Kufikia mara ya tatu wanajua kusema "habari za timu sitoi" bila kugombana na mtu.

Zoezi hilo halijazi tumbo. Utafiti wa FIFPRO wa mwaka 2012 huko Ulaya Mashariki uliona kuwa zaidi ya nusu ya wachezaji waliofuatwa ili wauze mechi walikuwa wanacheleweshewa mishahara. Kwa hiyo klabu inayoita mkufunzi wa maadili Jumatatu, huku inadaiwa mishahara ya tangu Januari, imemwachia mkufunzi kazi asiyoiweza. Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza baada ya zoezi, mbele ya wenzake: "Mwalimu, na yule anayenilipia chumba sasa hivi nimfanyeje?" Tulikaa naye jioni ile, tukapiga hesabu ya kodi.