Atomi haikui kuelekea kulia kwenye jedwali la elementi

Kuna ujumbe unaosambazwa: “Elektroni zikiongezeka atomi hunenepa. Kwa hiyo klorini ni kubwa kuliko sodiamu, na elektroni yake hung’oka kirahisi. Watumie wanafunzi wote!”

Fungua jedwali la vipimo mwishoni mwa kitabu cha kemia. Nusukipenyo cha sodiamu ni pikomita 186 hivi. Cha klorini ni 99 tu. Kuing’oa elektroni ya nje ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli, ya klorini 1251.

Zote mbili zina elektroni 10 za ndani zinazokinga mvuto wa kiini, na elektroni za nje zikiwa ganda la tatu. Sodiamu ina protoni 11, hivyo elektroni yake ya nje huhisi mvuto wa takriban protoni moja. Klorini ina 17. Huko mvuto unakaribia wa protoni saba. Ganda ni lilelile, ila linavutwa ndani zaidi.

Ujumbe huo huaminika kwa sababu ukishuka kwenye kundi, atomi hukua kweli. Potasiamu, chini ya sodiamu, huongeza ganda la nne: elektroni iko mbali, imekingwa zaidi, na kilojuli 419 zinatosha.

Ukiupokea, usiusambaze, mjibu aliyeutuma kwa tarakimu hizo. Asipinge kwa alumini, iliyo kulia kwa magnesi, kuhitaji kilojuli chache zaidi (578) kuliko magnesi (738): elektroni ya alumini inayong’oka iko kwenye ganda dogo la 3p, lenye nishati ya juu kidogo kuliko 3s.