Kwa nini rangi ya ngazi niliiweka mwisho

Kero iliyotajwa na wengi kabla ya mkutano wetu ilikuwa rangi inayobambuka kwenye kuta za ngazi. Mimi ni fundi wa majengo, na wapangaji wenzangu wamenichagua niwasemee kwa mwenye nyumba. Niliposimama kuhutubia, nilianza na jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelileta: doa la maji kwenye ukuta wenye ubao wa mita, pale chini ya ngazi.

Wingi wa malalamiko haunipangii kazi. Kwanza najiuliza kama kasoro inaweza kuua au kujeruhi mtu usiku huu. Kisha natazama kama inazidi kukua. Mwisho naangalia kama ipo kazi nyingine ambayo lazima iitangulie. Hilo la mwisho watu hulisahau sana, na ndilo linalokula fedha.

"Ndugu zangu," nikasema, "maji yanashuka ndani ya ukuta, na yamebakiza shubiri moja kufika kwenye swichi kuu. Bafu la juu yake lisitumike hadi bomba litengenezwe. Fundi umeme aitwe leo azime, afungue ubao na kuukagua. Asiuguse mtu mwingine."

Kijana mmoja akauliza, si kuna breka, itajizima yenyewe? Swali zuri. Breka ya kawaida huzilinda nyaya zisizidiwe na mzigo au zikigusana. Haikuundwa kuhisi umeme kidogo unaovuja kupitia mwili wa mtu, na huo mdogo unatosha kuua. Kazi hiyo ina kifaa chake, chenye kitufe cha kujaribia, na ubao wetu hauna.

Nilijuaje kuwa maji ni ya bafuni? Nililizungushia doa mstari wa penseli na kuandika tarehe. Siku ambayo wa juu hawakuwepo, pampu ya maji ikiwa bado nzima, doa lilibaki ndani ya mstari. Waliporudi na kuoga, likauvuka. Bomba linaloleta maji safi likipasuka huvuja mchana na usiku. Linalovuja bafu likitumika tu kwa kawaida ni la maji machafu, au sakafu ya bafu imeachia kwenye viungo vya vigae. Mwenye nyumba akionyeshwa hilo hana sababu ya kuvunja ukuta mzima kutafuta.

Jambo la pili lilikuwa vyuma vya roshani ya ghorofa ya juu. Kwa macho ni vizima, vimepakwa rangi majuzi. Lakini chuma huliwa pale nguzo yake inapoingia kwenye zege, kwa sababu maji hukaa hapo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo huvimba na kulipasua zege linaloizunguka. Nyufa zinazotoka kwenye mguu wa nguzo kama miale ndiyo dalili. Msivijaribu kwa kuviegemea!

Hapa niliwatenganishia kuzuia na kurekebisha. Kuufunga mlango wa roshani kwa kufuli hakungoji fundi wala fedha, kwa hiyo kufanyike usiku uleule. Ukishafungwa, kuchomelea vyuma vipya kunaweza kusubiri wiki moja au mbili. Ukuta wa mita hauna mlango wa kufunga, ndiyo maana ukatangulia.

"Na sisi wa juu tusio na maji?" akadakia mama mmoja. "Unatuambia habari za vyuma?"

"Mama, kutengeneza pampu ni jambo la tatu, na halitavuka wiki hii," nikamjibu. Kukosa maji ni hatari ya afya, hasa kwa vyoo. Ila tangi la chini limejaa na bomba la uani linatoa. Tunaweza kuchota kwa zamu, na walio na wazee au watoto wachanga wapelekewe. Kama tangi la chini nalo lingekuwa tupu, pampu ingepanda hadi nafasi ya pili. Mama hakuridhika sana, na sikumlaumu.

Ufa mwembamba wa plasta juu ya mlango nimeuwekea alama za penseli nchani. Tutaupima tena baadaye.

Ikabaki rangi. Inabambuka kwa sababu ukuta umelowa, na ukipaka juu ya unyevu itabambuka tena. Bomba likishatengenezwa, tutabandika karatasi ya nailoni ukutani, kingo zote zimezibwa kwa gundi, na kuiacha siku moja au mbili. Umande ukionekana upande unaogusa ukuta, maji bado yamo ndani. Ukiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha ya ngazi yaliyopigwa misumari. Nimeomba kwenye barua kwa mwenye nyumba kwamba mpaka rangi asiitwe kabla ya nailoni hiyo kutoka kavu.