Picha moja, wanyama sita: anayeulizwa ni yupi?

Kazi yangu ni kutambua wanyama kwa picha, na picha nyingi zinazonifikia hapa Tanga zimepigwa Saadani, mbuga inayoshika pande zote mbili, Tanga na Bagamoyo, hadi ufukweni. Kiangazi, maji yanapokauka na kubaki madimbwi machache, wanyama wa kila aina hukutana sehemu moja, na picha hujaa. Chini ya picha kunakuwa na swali fupi tu: "Huyu ni nani?" Kabla sijataja jina la mnyama yeyote, inabidi nijue kwanza "huyu" ni yupi. Ukikosea hapo, hata ukitaja jina sahihi utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

Nieleze kwa picha moja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliwapeleka wanafunzi wake Saadani, akapiga picha dimbwini kwa simu huku ameivuta hadi mwisho. Akanitumia na maneno haya: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, huyu mdogo ni mtoto wake au ni mnyama mwingine? Watoto wamebishana njia nzima."

Katikati ya picha kuro mkubwa anakunywa maji. Kulia ngiri amepiga magoti, uso majini. Yangeyange wawili wamesimama kwenye tope. Nyuma ya kuro kuna wanyama wawili wadogo wa rangi ya kahawia, mmoja karibu na tope, mwingine kwenye majani. Anayejibu kwa haraka huandika "huyo ni kuro," kwa sababu ndiye mkubwa, ndiye aliye katikati, ndiye anayeonekana vizuri. Lakini mwalimu hakuuliza habari za kuro mkubwa. Kwa hiyo mimi huanza na maneno kabla ya picha. "Mdogo" limemtoa kuro mkubwa. "Mtoto wake" limewatoa ngiri na yangeyange, maana hakuna anayedhani yangeyange ni mtoto wa kuro. Wamebaki wale wawili wa nyuma, na swali ni la mmoja wao.

Hapo wengi hukimbilia kuangalia simu ilimlenga nani, yaani yupi kati yao ametoka safi. Ni dalili, ila siipi uzito mkubwa. Simu ikiachiwa ichague yenyewe hupenda kilicho katikati au kilicho mbele, na katika picha hii kilichotoka safi kuliko vyote ni majani ya ukingoni. Ninachokiamini zaidi ni mfululizo. Mtu anayefuatilia mnyama mmoja hupiga picha tatu au nne, na yule anayemtaka hubaki ndani ya fremu hata wengine wakitoka. Nikamwomba mwalimu anitumie zilizotangulia na zilizofuata, na azitume WhatsApp kwa njia ya Document, kwa sababu ukizituma kama picha za kawaida hupunguzwa ukubwa, na alama ndogo za masikio na miguu ndizo hupotea kwanza.

Picha ya pili ilinionyesha wale wadogo wazi zaidi. Kabla ya kuwalinganisha nikatazama kwato zao zinagusa ardhi wapi. Kwenye uwanja tambarare, kwato zinazogusa juu zaidi katika picha ni za mnyama aliye mbali zaidi. Kuvuta picha hubana umbali. Wanyama walioachana hatua nyingi huonekana wamegusana mabega. Yule wa kwenye tope, kwato zake zilikuwa karibu usawa mmoja na za kuro mkubwa, kwa hiyo ukubwa wake naweza kuulinganisha na wa kuro huyo. Yule wa kwenye majani alikuwa juu sana katika picha. Yuko mbali, na udogo wake siwezi kuutumia kama ushahidi.

Wa kwenye tope alikuwa na manyoya marefu ya kijivu yaliyochanganyika na kahawia, miguu myeusi, na makalioni mduara mweupe unaozunguka mkia. Mduara huo ndio alama ya kuro wa upande huu wa pwani. Wale wa magharibi zaidi wana baka jeupe lililojaa. Huyo ni mtoto wa kuro, hana ubishi.

Wa kwenye majani alikuwa na manyoya laini ya rangi ya mchanga, makalio hayana mduara, na chini ya sikio kidoa cheusi kisicho na manyoya. Pembe zake fupi, ncha zimepinda kwenda mbele. Huyo ni tohe dume, tena mkubwa aliyekomaa. Pembe peke yake zisingetosha, kwani kuro dume kijana naye huwa na pembe fupi. Kidoa cha sikioni na makalio yasiyo na mduara ndivyo vilivyomaliza kazi.

Basi nilikuwa na majina mawili ya uhakika na bado sijui lipi ndilo jibu. Hapa sipendi kubahatisha. Nikamwandikia: "Marahaba mwalimu. Unamuuliza yule aliyekanyaga tope, nyuma ya mkia wa kuro mkubwa, au yule mwenye pembe fupi kwenye majani, juu kushoto?" Nikamtajia kila mmoja kwa alama ambayo mtu yeyote ataiona, wala si kwa jina, maana jina ndilo analolitafuta. Akarudi kuwauliza watoto. Kumbe kundi moja lilikuwa linamwonyesha wa tope na kusema ni mtoto, kundi la pili linamwonyesha wa majani na kusema si mtoto. Wote walikuwa sahihi, kila kundi kwa mnyama wake. Swali moja lilikuwa na wanyama wawili ndani yake.

Maneno yanapokuwa hayatoshi, yaani limekuja "huyu ni nani?" tupu, najiuliza muulizaji tayari anamjua nani. Mkazi wa Bagamoyo akinitumia picha ya viboko wa Mto Wami, sidhani anauliza kiboko ni nini. Namtafuta ndege aliye mgongoni au ukingoni. Picha hiyohiyo ikitoka kwa mtu asiyewahi kufika mbugani, kiboko anaweza kuwa ndiye hasa. Kwa hiyo hapo naweka majibu mawili yaliyotenganishwa: "Kama ni mkubwa aliye majini, ni kiboko, kama ni ndege mweupe aliye juu yake, ni yangeyange."

Anayetaka kunirahisishia kazi atume nakala mbili: moja amezungushia mnyama wake, nyingine safi. Ile ya duara pekee hainifai sana, kwa kuwa mstari mara nyingi hupita juu ya pembe au mkia. Kumkata mnyama peke yake ni kubaya zaidi, kwani majirani zake na ardhi aliyokanyaga hupotea, na mimi hubaki sina cha kumpimia.

Kwa wanaohifadhi kumbukumbu kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe kwa picha, rekodi moja ni ya kiumbe kimoja. Picha ile ya mwalimu inaweza kuingizwa mara nne, ya kuro, ya tohe, ya ngiri na ya yangeyange, na kila mara uandike kwenye maelezo unamzungumzia yupi. Ukiiingiza mara moja bila maelezo, mmoja ataandika kuro, mwingine ngiri, na rekodi itarudishwa juu hadi kwenye kundi pana linalowakusanya wote wawili, ambalo halimsaidii mtu anayetafuta tohe wa Saadani.