Kima cha chini kimepanda, lakini mshahara wako ni mazungumzo

Tangu Amri mpya ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi ilipoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Januari 2026, sisi maofisa wa masuala ya kazi tunaulizwa swali lilelile karibu kila siku: "Serikali imepandisha mishahara kwa asilimia 33.4, mbona mimi sijaongezwa?"

Jibu ni fupi. Asilimia hiyo ni ongezeko la wastani la kima cha chini. Amri inaweka sakafu ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, na sakafu hiyo hutofautiana sekta kwa sekta. Anayelipwa Sh 850,000 amri haimgusi. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanaingia kwa meneja na kipande cha gazeti mkononi wakidai asilimia 33.4 "kwa mujibu wa sheria". Meneja anayeijua amri humaliza mazungumzo kwa sentensi moja, na mfanyakazi anatoka amepoteza nafasi ambayo ingemfaa kwa hoja nyingine.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili. Ukilipwa chini ya kima cha sekta yako, ukinyimwa malipo ya saa za ziada, au mkataba wako ukitaja nyongeza ya kila mwaka na usiipate, hayo ni madai ya haki. Yakishindikana kazini yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Siku 60 hizo haziwahusu walioachishwa kazi wanaopinga kuachishwa: wao wana siku 30. Anayechelewa analazimika kwanza kuomba aruhusiwe kufungua shauri nje ya muda na kueleza sababu za kuchelewa, na si kila sababu hukubaliwa. Nakala ya fomu mwajiri lazima aipate, na uthibitisho kwamba ameipata uutunze.

Kuomba mshahara upitiwe upya kwa sababu umefanya vizuri ni jambo jingine kabisa. Ni ombi. Hakuna ofisa atakayemlazimisha mwajiri akuongeze kwa kuwa unastahili. Ndiyo maana tunashauri haya mawili yasichanganywe kwenye barua moja: dai la saa za ziada likikaa pamoja na ombi la nyongeza, meneja huona malalamiko tu, na lile ombi linazama.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, anayelipwa Sh 850,000. Rasimu yake ya kwanza huwa hivi: nimefanya kazi kwa bidii na uaminifu, maisha yamepanda, kodi ya nyumba imepanda, nina watoto wawili shuleni, na fulani wa mauzo anapata zaidi yangu. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini meneja hana bajeti ya ada za watoto wako, na mara nyingi hana mamlaka ya kuongeza hata shilingi bila kibali cha mkurugenzi au mwenye duka. Anachohitaji ni karatasi anayoweza kuipeleka juu bila kuongeza neno.

Barua inayofaa inasomeka hivi:

"Naomba mshahara wangu upitiwe upya. Katika miezi sita kabla sijaanza kuhesabu mali kila Jumamosi, upungufu kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi ulikuwa wastani wa Sh 1,200,000. Katika miezi sita iliyofuata umekuwa wastani wa Sh 300,000. Tangu Julai mwaka jana napokea pia mizigo inayoingia, kazi iliyokuwa ya msaidizi aliyeondoka. Napendekeza mshahara ghafi wa Sh 1,000,000 kuanzia Julai. Nimeambatisha taarifa za hesabu zilizosainiwa na mhasibu. Naomba tuzungumze siku utakayoona inafaa."

Angalia kilichomo. Kuna hali ya kabla na ya baada, kuna kipindi kinacholingana, kuna jukumu lililoongezeka pamoja na mwezi lilipoanza, na kuna saini ya mtu mwingine. Kama upungufu ulishuka pia kwa sababu mhasibu alibadili utaratibu wa getini, sema hivyo. Mhasibu ataulizwa, na ukijipa sifa yote tarakimu zako nyingine nazo zitatiliwa shaka.

Sasa hesabu, kwa sababu wengi huomba kiasi wasichokijua. Kwa Sh 850,000, akikatwa asilimia 10 ya NSSF na kodi ya PAYE, zinabaki Sh 695,750. Kwa Sh 1,000,000 zinabaki Sh 797,000. Nyongeza ya Sh 150,000 inamfikia mkononi ikiwa Sh 101,250. Upande wa pili mwajiri anachangia NSSF asilimia 10 yake, hivyo nyongeza hiyo inamgharimu Sh 165,000 kabla ya tozo nyingine. Mkizungumza, semeni mshahara ghafi muda wote. Ugomvi mwingi huzuka pale mmoja anapotaja ghafi na mwenzake anasikia ya mkononi.

Lugha nayo ina madhara ya kisheria ambayo watu huyachukulia kirahisi. "Nisipoongezwa naacha kazi" ni sentensi ya hatari. Wapo waajiri wanaoijibu kwa barua ya kukubali kuacha kazi, kisha mfanyakazi anatumia miezi akijaribu kuthibitisha kwamba hakuacha. Kama kweli una kazi nyingine mkononi, kuondoka kunafanywa kwa notisi ya maandishi, si kwa kitisho ndani ya ombi. Pia usipeleke jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Nalisema kwa sababu tumeliona.

Kuhusu wakati: kampuni nyingi hupanga bajeti miezi miwili au mitatu kabla ya mwaka wao wa fedha, unaoanza Januari au Julai. Ombi linalofika baada ya bajeti kupita hujibiwa "hakuna fungu", na mara nyingi huo ni ukweli mtupu.

Meneja akisema "tutaliangalia", hilo bado si jibu. Muulize kwa upole, "Bosi, nirudi lini kulifuatilia?" Siku hiyohiyo mwandikie ujumbe mfupi: asante kwa muda wako, tumekubaliana nifuatilie tarehe 15. Akikataa, muulize ni kipimo gani kikifikiwa jambo litazungumzwa tena, na hicho nacho kiandikwe.

Akikubali, usitosheke na kupeana mikono. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri arekebishe maelezo ya ajira yanapobadilika na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi. Omba barua yenye kiasi kipya na tarehe ya kuanza. Soma kama nyongeza imeingia kwenye mshahara wa msingi au imeitwa posho. Saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo posho ya Sh 150,000 na mshahara wa Sh 150,000 si kitu kimoja hata kama mwisho wa mwezi vinafanana.

Mwezi wa kwanza wa nyongeza, linganisha hati ya mshahara na taarifa yako ya michango NSSF. Mchango wako na wa mwajiri kwa mshahara wa Sh 1,000,000 ni Sh 200,000 jumla. Ukikuta bado ni Sh 170,000, rudi kwa mhasibu mwezi huohuo, ukiwa na ile barua.

Maelezo haya ni ya jumla kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi kazini kwako yanaweza kuwa na utaratibu mwingine. Usome kwanza.