Kutotia mbolea si kilimo hai

Wiki iliyopita nilisimama katika shamba la mama mmoja huku upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni, na majani ya chini yameanza kuwa manjano kutoka nchani, rangi ikifuata mshipa wa katikati kama ulimi. Kabla sijasema neno akaniambia kwa fahari, "Mwalimu, hapa ni ogani tupu. Sijatia chochote mwaka wa sita huu."

Ni mtu wa tatu kuniambia hivyo mwezi huu, ndiyo maana naandika. Mama huyu hafanyi kilimo hai. Anachofanya ni kutoa akiba ya udongo wake kidogokidogo bila kuweka, na ile manjano ni taarifa ya akaunti: mmea umekosa naitrojeni, unaivuta kutoka majani makuukuu ili kulisha machanga.

Tulikaa chini ya mparachichi tukapiga hesabu. Ekari yake humpa magunia kama 15 ya kilo 90 kila msimu, yaani kilo 1,350 za punje. Punje za mahindi hubeba naitrojeni takriban asilimia moja na nusu, kwa hiyo kila mavuno huondoka na kilo 20 hivi. Mabua nayo, ambayo huyakata yote kulisha ng'ombe, hubeba kama kilo 10 nyingine. Huku tuna misimu miwili, basi kwa mwaka shamba linapoteza karibu kilo 60 za naitrojeni.

Nini kinarudi? Ana ng'ombe wawili. Ng'ombe mmoja wa kufugwa zizini hutoa karibu tani moja ya samadi kavu kwa mwaka. Samadi iliyotunzwa ovyo ina naitrojeni asilimia moja tu au pungufu, kwa hiyo tani zake mbili ni kilo 20, na katika hizo ni kama theluthi inayopatikana kwa mmea msimu wa kwanza. Iliyobaki huachiliwa polepole. Akaniuliza, "Na maharagwe ninayochanganya je?" Maharagwe ya kawaida hutengeneza naitrojeni kidogo, na sehemu kubwa ya hiyo inaingia kwenye punje unazovuna. Njahi ni bora zaidi, hasa majani yake yakiachwa shambani.

Kisha nikaomba kuona zizi. Sakafu ni ya udongo, samadi imerundikwa juani, na ukiinama harufu inakuchoma macho. Harufu hiyo ndiyo mbolea yenyewe, inapaa hewani. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na mkojo wa ng'ombe wake unazama ardhini palepale zizini. Ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kilimo hai ni huu, na nitaurudia mpaka nichoke: anza na zizi. Tengeneza sakafu ngumu yenye mteremko na mfereji wa kukusanya mkojo, tandaza majani makavu yaunyonye, na lifunike lundo kwa majani ya migomba. Kata tithonia, ile alizeti pori ya maua ya manjano inayojiotea kando ya barabara, uitandaze ingali mbichi. Fosforasi, kirutubisho kingine ambacho mahindi hukihitaji, haitengenezwi na mmea wowote wa jamii ya kunde. Ikipungua, majani ya mahindi machanga hugeuka zambarau, na hapo itabidi ununue mwamba fosfeti, kama ule wa Minjingu, unaoruhusiwa katika kilimo hai.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza matokeo ya majaribio ninayoyaamini kuliko yote kwa eneo letu, yale yanayofanywa Chuka na Thika tangu 2007 na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo hai ya Uswisi, FiBL. Walipanda kwa kilimo hai na kwa kilimo cha kawaida bega kwa bega, na pande zote mbili wakaweka ngazi mbili, ya pembejeo nyingi na ya pembejeo kidogo. Katika ngazi ya juu shamba hai lilipata mboji, tithonia na mwamba fosfeti, na naitrojeni ikasawazishwa na ile ya shamba la kawaida. Mahindi yakalingana. Hakuna aliyeyafikisha hapo kwa kuacha kutia. Viazi havikulingana, vilikuwa nyuma sana upande wa kilimo hai, na anayejua bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa viazi, hatashangaa.

Ukikusanya tafiti za dunia nzima, pengo la mavuno ni kubwa zaidi. Uchambuzi uliochapishwa 2012 ulipata kilimo hai kiko nyuma kwa asilimia 25 kwa wastani, na wa 2014 ukapata kama 19. Wastani huo unaficha mengi, kwa kuwa kwa kunde mavuno hukaribiana, ila kwa nafaka huachana. Na pale nchi nzima inapoondoa mbolea ya dukani kabla mbadala haujawa tayari, huwa kama Sri Lanka mwaka 2021: marufuku ilitangazwa, mpunga ukashuka, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikalegeza.

Sasa dhana za wanaosifu kilimo hai, maana nazo nazisikia.

"Mbolea ya dukani inaua udongo." Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la ngano liitwalo Broadbalk lililoanza 1843. Vipande vinavyopata mbolea ya madini peke yake bado vinatoa mavuno mazuri. Ila vipande vya samadi vina kaboni zaidi ya maradufu, udongo wake hulimika kwa urahisi na hushika maji. Udongo wetu mwekundu huharibiwa zaidi na tindikali: ukitia mbolea za DAP na yurea miaka nenda rudi bila kupima wala kutia chokaa, mizizi hudumaa. Kosa hapo ni kutopima.

"Ogani haipigwi dawa." Hupigwa. Dawa za shaba zinaruhusiwa, na shaba haiozi, hubaki udongoni.

Kuhusu viumbe, kilimo hai kinashinda bila ubishi mkubwa: uchambuzi wa 2014 ulipata aina za viumbe zimezidi kwa asilimia 30 hivi, hasa mimea na wadudu wachavushaji. Lakini faida huwa kubwa pale mashamba makubwa ya zao moja yamezunguka. Kwetu, ambako ekari moja ina migomba, kahawa, viazi vikuu na ua wa miti, sehemu ya kazi hiyo tayari inafanyika, hata kwa jirani anayenunua mbolea ya CAN.

"Ogani ni rahisi, hununui kitu." Unanunua kwa mgongo. Tafiti za dunia zilizojumlishwa 2015 zilionyesha gharama za kazi zimezidi kwa asilimia 7 hadi 13, na kwamba bila bei ya nyongeza mkulima hai hupata faida ndogo kuliko jirani yake. Nyongeza ya asilimia 5 hadi 7 ilitosha kuwasawazisha. Kule Chuka na Thika faida ilikuja kuanzia mwaka wa tano, kukiwa na bei ya nyongeza. Kwa hiyo kabla hujaacha mbolea, mtafute mnunuzi. Alama ya Kilimohai, inayofuata kiwango cha Afrika Mashariki cha 2007, inaweza kupatikana kwa kikundi kinachokaguana chenyewe, na kwa mwenye ekari moja hiyo ndiyo njia anayoimudu.

Yule mama ameanza na sakafu ya zizi. Msimu huu nimemwambia atie mfuko mmoja wa CAN, ambao una kilo 13 tu za naitrojeni, wakati lundo lake linaiva. Alinuna kidogo. Kisha akaniuliza saruji mifuko mingapi.